Njaa Haikumfundisha Kula

Nilikuwa namwogopa binti yangu. Kwa muda mrefu nilikana, hata mume wangu aliponikuta jikoni nimesimama mbele ya sufuria iliyokwisha kuiva, mwiko mkononi, sipakui. Nilimwambia nangoja ipoe. Ukweli ni kwamba nilikuwa najipa dakika chache zaidi za amani kabla ya kumwita mezani mtoto wa miaka saba ambaye angeitazama sahani yangu kana kwamba nimemwekea nyoka.

Nilikana kwa sababu nilikuwa na sifa ya kulinda. Miaka michache kabla yake nilikuwa nimeandika makala ya kuwacheka wazazi wa mjini wanaobembeleza watoto wao kwa chakula. Niliandika kwamba hakuna mtoto aliyewahi kufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Akina mama kanisani kwetu Mbumbuni waliikata gazetini, na mmoja aliibandika mlangoni mwa friji yake. Nilipokuwa naandika nilikuwa nafikiria mwanangu wa kwanza, ambaye alichukia kitunguu, alichukia sukuma wiki, na kwa mwaka mzima alikula maharagwe tu baada ya kuyaondoa maganda. Lakini kijana huyo akienda kwa jirani alikula kitunguu cha jirani. Akitoka kucheza na njaa, alikula chochote, akakumbuka baadaye kulalamika. Na kila mwaka suruali zilikuwa fupi. Huyo ndiye alikuwa ushahidi wangu wote. Chuo kikuu walinifundisha kutojenga hoja kwa mfano mmoja, lakini nadhani siku hiyo sikuhudhuria.

Kisha akaja binti. Kwa desturi yetu alipewa jina la mama mkwe wangu, na kwa hiyo mume wangu hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita Mama. "Mama, umelala vizuri?" "Mama, leta viatu vyangu." Na mama mkwe, ambaye watoto wote walimwita Susu, yaani nyanya, alipokuja kutoka kijijini kwake Kyuso alimsalimia mtoto kama mtu anayejisalimia kwenye kioo. Alimpigia simu yeye kabla ya kunipigia mimi. Akichinja kuku, paja lilikuwa la mtoto huyo, awepo asiwepo.

Binti huyu alikula vitu vitano. Wali mweupe usio na chumvi nyingi. Mkate mweupe uliokatwa ukingo. Biskuti za maziwa za aina moja, na kiwanda kilipobadilisha karatasi ya nje tu, alikataa hadi nilipompeleka dukani akaambiwa na mwenye duka kwamba ni zile zile. Chai ya maziwa. Na juisi ya machungwa ya miti yetu, niliyokamua mwenyewe na kuchuja mara mbili, katika kikombe cha buluu chenye kifuniko. Zamani vilikuwa zaidi. Kulikuwa na ndizi, kulikuwa na chapati, kulikuwa na yai. Kila kimoja kiliondoka siku yake na hakikurudi. Ndizi iliondoka kwa sababu ya doa jeusi. Yai sikuwahi kujua kosa lake.

Nilimwita mwenye madaha. Nilifanya yote ambayo mama wa sifa yangu angefanya. Nilimwacha mezani mpaka chakula kikaganda. Nilimwahidi baiskeli kwa kijiko kimoja cha ndengu. Nilimwambia juu ya watoto wasio na chakula, akaniuliza kwa upole kama tungeweza kuwapelekea hicho chake. Siku moja nilimshika kidevu. Alifungua mdomo, maana alikuwa mtoto mtiifu, nikaweka ndengu, na nikaona koo lake likikataa kabla yeye mwenyewe hajaamua lolote. Alitapika juu ya mkono wangu kisha akaomba msamaha.

Krismasi tulikwenda Kyuso. Huko mvua ilikuwa imekataa tena na watu walikuwa wakiangalia magunia yao. Susu alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, pamoja na mbaazi, tangu asubuhi, kwa kuni. Alipakua bakuli la kwanza akampa jina lake. Hiyo ndiyo heshima ya jina: unakula kabla ya wanaume.

Mtoto alilipokea kwa mikono miwili. Alilitazama. Mvuke ulimfikia, mabega yakapanda, na akatapika kwenye mkeka mbele ya shangazi zake wote.

Shangazi mmoja akasema, "Hawa watoto wa kulelewa kwa mayai na soseji." Watu wakacheka, nami nikacheka kwa sababu ndivyo afanyavyo mke wa ukoo.

Susu hakucheka. Alichukua bakuli, akaketi nalo.

"Kwa hiyo leo nimejikataa mimi mwenyewe," akasema.

"Mama, ni tumbo," nikamwambia. "Safari imemchosha."

"Tumbo gani? Mimi nikiwa kama yeye nilitembea na mama yangu siku nzima kufuata mahindi ya msaada, ya manjano, yananuka dawa. Tulikula. Hakuna aliyeuliza yananukaje." Akamgeukia mwanawe. "Niachie mtoto. Wiki mbili bila biskuti. Njaa itamfundisha."

Mume wangu alitazama chini. "Tutaona likizo ya Agosti, Mama," akasema, na sikujua ni Mama yupi aliyekuwa akiahidiwa.

Basi ahadi ya Agosti ikawa juu yetu. Na mimi, sitasema uongo, sehemu moja yangu iliifurahia. Kama njaa ingemfundisha, basi makala yangu ilikuwa sahihi.

Kilichonipeleka hospitali ni sare ya shule. Januari nilitoa sketi ya mwaka uliopita nikijiandaa kuifungua upindo, na haikuhitaji. Kiunoni ilikuwa imelegea. Nilimpeleka katika hospitali ya kaunti kwa daktari wa watoto, mwanamke wa rika langu mwenye haraka ya watu wenye foleni ndefu, ambaye hata hivyo aliweka kalamu chini nilipoanza kueleza.

Alimpima, akachora nukta yake kwenye mstari wa ukuaji, akanionyesha jinsi nukta zilivyokuwa zikipanda pamoja na mstari, kisha zikalala. Kisha akamuuliza mtoto mwenyewe.

"Wewe ungependa mwili wako uwe aje?"

"Mkubwa," akasema binti yangu. "Wananishinda mbio."

"Huwa unasikia njaa?"

"Nasikia. Lakini chakula kinaingia kwa pua kwanza."

Daktari aliniambia kwamba watoto wengi hupitia kuchagua chakula. Mtoto wa namna hiyo anaacha hiki anarudia kile, njaa ikimbana anakubali kitu, na la muhimu kuliko yote, anakua. Huyu wangu vyakula vyake vilipungua na havikurudi, uzito ulisimama, na maisha yake yote yalikuwa yamejipanga kukwepa sahani: hakwenda sherehe za wenzake, shuleni alikaa na chakula chake mpaka kengele. Wala hakuwa anaogopa kunenepa, kama wale wasichana wakubwa tunaosikia habari zao. Alitaka kula na hakuweza. "Huu ni ugonjwa, Mama," akasema. "Una jina. Ni ugonjwa wa kula wa kuepuka na kujibana. Si madaha na si malezi yako."

Nilisikia sehemu ya mwisho tu. Nililia pale pale, kwa kelele, mtu mzima mwenye shahada mbili.

"Nikimnyima biskuti, njaa haitamsukuma?" nikauliza nilipoweza.

"Mwenye kuchagua itamsukuma. Huyu ataacha kula, na atazidi kuogopa. Usijaribu."

Aliandika jina lake kwa mtaalamu wa tabia za watoto Nairobi, ambako foleni ilikuwa ya miezi. Akaandika vitamini za matone, apewe waziwazi, na akikataa nirudi tutafute nyingine. Kisha akatuambia namna ya kukaa mezani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuamua kinachopikwa, saa na mahali. Kazi ya mtoto ilikuwa kuamua kama atakula na kiasi gani. Kila mlo uwe na angalau kitu kimoja anachokiamini, tule sote pamoja, na tuzungumze mambo mengine. Asisifiwe akila, asilaumiwe akiacha. Kitu kipya kiwe karibu, kidogo sana, kwenye kisahani chake peke yake, bila ombi lolote.

"Na usimfiche kitu ndani ya chakula anachokiamini," akasema akiwa tayari amesimama. "Akigundua, kitaondoka hicho nacho."

Matone aliyakataa. Nilipanga kurudi nayo, kisha nikapanga tena.

Lakini mezani tulijaribu. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani, kukaa na mtoto asiyekula na kuzungumza habari za bei ya maembe. Mume wangu, aliyelelewa na Susu na anayejua kwamba kimya mezani ni adabu, alilazimika kutunga mazungumzo. Alituhadithia mambo ya ofisini kwake ambayo nina hakika hayakutokea. Mimi niliuma ulimi. Kisahani kidogo kilikaa na maharagwe mawili, jioni baada ya jioni, na hakuna aliyeyataja.

Mwezi wa tatu hivi, mtoto alinyoosha kidole akagusa harage moja. Akalisukuma. Akanusa kidole, akakifuta kwa kitambaa, akaendelea na wali.

Mume wangu alisimama akasema anakwenda kuangalia kama geti limefungwa. Nilimwona dirishani akizunguka mwembe kama mtu aliyefunga bao.

Hapo tungetulia tu. Lakini mwezi uliofuata Susu alikuja kututembelea na ndengu za Kyuso na mfuko wa unga wa mlonge, majani yaliyokaushwa yakasagwa, ambao kwetu siku hizi unatibu kila kitu kuanzia sukari hadi ndoa. Alikaa mezani nasi. Alitazama kisahani cha maharagwe mawili kwa muda mrefu.

"Hii ni ya panya?" akauliza.

"Ni ya kujuana nayo, Mama. Daktari ndiye alisema."

"Wajuane! Wamchumbie basi." Mume wangu alicheka, na nikamchukia kwa dakika moja. Kisha Susu akaushika mkono wa mtoto, akauzungushia vidole viwili juu ya kiwiko, taratibu, na vidole vikakutana. Hakusema mzaha tena. "Mwanangu," akaniambia, "mnacheza na maharagwe na mtoto anaisha."

Kauli ile ilinipata mahali ambapo daktari hakuwa amefika. Asubuhi yake nilikamua machungwa, nikachuja mara mbili, na nikatia mlonge kwenye kikombe cha buluu. Kidogo tu, ncha ya kijiko. Nilikoroga mpaka mkono ukachoka, nikafunga kifuniko. Nilijiambia kwamba daktari alisema chakula, na hii ni juisi. Watu wenye elimu tunajua kusoma sheria.

Alikunywa mara moja. Akasita. Alifungua kifuniko, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akatazama ndani. Kisha akanitazama mimi.

"Mami, umeweka nini?"

"Hakuna."

Alifunga kifuniko vizuri kabisa, akakirudisha kikombe mbele yangu. Hakulia. Juisi hakuinywa tena, ya kikombe chochote, hata nilipokamulia mbele yake, hata nilipoinywa mimi kwanza. Na kwa wiki kadhaa aliufungua mkate kabla ya kuula akaangalia ndani. Kile kisahani cha maharagwe alianza kukigeuzia mgongo.

Mume wangu alipojua hakunigombeza. Alisema tu, "Basi vimebaki vinne." Nasi tukaendelea na wali, mkate, biskuti na chai, tukijifariji kwamba angalau analala vizuri.

Miguu ilianza mwezi wa saba. Kwanza alisema inauma baada ya shule, nami nikasema ni kukua, nikifurahi kimyakimya kwa hilo neno. Kisha akawa hataki kwenda shule. Kisha asubuhi moja nilimwinua kitandani akapiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Alilala ameikunja miguu na kuifungua pembeni, kama chura, na akaomba tusiiguse. Mkate ulikuwa ukibaki na alama nyekundu palipouma meno. Alipoiona alama hiyo, aliacha mkate. Nilidhani anapiga mswaki kwa nguvu. Nilimnunulia mswaki laini.

Kwenye kituo cha afya waliuliza kama ameanguka. Hakuanguka. Wakasema labda ni baridi yabisi, wakatutuma hospitali ya kaunti tukapigwe picha ya magoti. Daktari wetu alikuwa safarini siku hiyo. Kijana aliyetupokea akasema picha zitasomwa na tutapigiwa simu, tukarudi nyumbani mtoto amelala kwenye mapaja yangu, akiwa mwepesi kiasi kwamba nilisahau kubadilisha mguu.

Susu alifika kesho yake. Shule zilikuwa zimefungwa, na alikuja kudai Agosti yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefagia chumba, amenunua godoro dogo, na amewaambia majirani Kyuso kwamba jina lake linakuja. Alimkuta mtoto kwenye kochi.

"Amka, mimi, twende," akamwambia kwa ule utani wao.

"Susu, siwezi kutembea."

Susu alitutazama sisi. "Sasa amekataa na kutembea."

"Anaumwa, Mama," nikasema. "Tunangoja majibu."

"Alikataa kula mkampa sahani ya panya. Sasa amekataa kutembea, mtampa nini, kiti cha magurudumu? Mtoto anawaendesha. Nitambeba mgongoni mpaka stejini kwenye magari, akifika kwangu atashuka mwenyewe akifuata harufu ya chakula."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amesimama katikati ya mama zake wawili, na nilijua uso ule. Alikuwa amechoka. Ana mshahara wa kutufikisha Nairobi mara moja, hana maneno ya kumshinda mama yake, na mke wake ndiye aliyeharibu juisi.

"Labda wiki moja tu," akasema. "Tuone. Daktari mwenyewe hajui ni nini."

Na hata leo sina hakika ningefanya nini. Ningependa kuandika kwamba nilisimama mlangoni. Nilikwenda chumbani nikaanza kukunja nguo zake, zile ndogo za mwaka juzi zilizokuwa zikimtosha bado. Niliweka biskuti katikati ya sweta ili Susu asizione. Nikawaza kwamba sasa namficha Susu chakula.

Simu ikaita nikiwa nimeshika sweta hiyo. Alikuwa daktari wetu wa watoto, amerudi.

"Mama, uko na mtoto?"

"Niko naye. Yuko sebuleni."

"Ufizi wake unatoka damu?"

Niliketi kitandani. "Unatoka."

"Ile juisi ya machungwa uliyoniambia. Bado anakunywa?"

"Aliacha," nikasema. "Mwezi wa nne. Nilitia mlonge."

Nilimsikia akihesabu miezi. "Kuna tunda lingine? Nyanya? Kiazi?"

"Hakuna."

"Basi ni kiseyeye. Picha inaonyesha, kuna damu chini ya utando wa mfupa, ndiyo maana hawezi kuguswa miguu."

Nilisoma historia, na ndiyo ninayofundisha. Kiseyeye nilikijua vizuri: ugonjwa wa mabaharia wa kale, miezi kadhaa baharini bila tunda. Nilikuwa nimewahi kuuliza swali lake katika mtihani.

Mume wangu na Susu walikuwa wamefika mlangoni. Nikaweka simu kwenye spika wote wasikie.

"Daktari, bibi yake yuko hapa," nikasema. "Anataka kumpeleka Kyuso akae na njaa kidogo, ajifunze."

"Bibi," daktari akasema, na sauti yake ikawa ya mtu anayezungumza na mama yake, "shikamoo. Mtoto huyu ameshakaa na njaa. Hiyo ndiyo imemlaza. Akinyimwa hivi vichache alivyonavyo, hatajifunza kula, tutampoteza."

Mkono wa Susu ulikwenda kwenye fremu ya mlango.

"Hiyo damu ya mfupa," akaiuliza simu, polepole, "inauma sana?"

"Inauma sana, Bibi."

"Na mimi nimemwambia amka."

Daktari akarudi kwangu. "Mleteni leo, nimewawekea kitanda. Asitembee, abebwe amelala. Dawa itashusha maumivu kwa siku chache, miguu itarudi. Kula ni safari nyingine, ndefu, na sitakudanganya, sijui itaishia wapi. Lakini kwanza hii."

"Atakataa dawa," nikasema.

"Akikataa kwa mdomo tutamchoma sindano. Lakini mwambieni kabla, mwambieni kila kitu. Ni chungu, ni ya rangi gani, ni ya nini. Msiitie ndani ya kitu."

"Sawa."

"Mama, niambie sasa hivi, niandike. Mnakuja, au anakwenda Kyuso?"

Nilimtazama Susu, maana yeye ndiye mkubwa na jina ni lake. Machozi yalikuwa yamemfikia kidevuni, hakuyafuta. Aliitikia kwa kichwa mara moja kuelekea simu.

"Tunakuja," nikasema.